Nataka shule inialike na inilipe, barua yangu haijibiwi

*Mwalimu, shikamoo.*

*Naishi Majengo, Moshi. Mwaka jana nilijichapishia riwaya ya vijana, nakala 500, kwa fedha za kikoba. Nikasikia kuna waandishi wanaoalikwa shuleni na kulipwa, nami nikaziandikia barua pepe shule za sekondari za hapa na za Arusha. Nyingi zimekaa kimya. Moja ya Usa River, ya binafsi na ya bweni, ilijibu "Asante, tutawasiliana," ikaishia hapo. Barua yenyewe ni hii:*

*"Habari za kazi. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Kama mnavyojua, vijana wetu siku hizi hawasomi vitabu, wanashinda kwenye simu. Ningependa kuja kuzungumza na wanafunzi wote na kuwahamasisha kupenda kusoma na kuandika. Nipo tayari siku yoyote mtakayonipangia. Nitakuja na vitabu vyangu ili wanafunzi wanunue. Kuhusu kunishika mkono tutazungumza. Nimeambatanisha wasifu wangu, jalada na sura tatu za kwanza. Karibuni sana."*

*Nimekosea wapi? Na kutaja bei mapema si aibu?*

*Mama Riwaya, Moshi*

Marahaba, Mama Riwaya.

Nimekaa ofisi ya taaluma na baadaye kwenye kiti cha mkuu wa shule, kwa hiyo nianze kwa kukuonyesha barua yako ilipita wapi baada ya wewe kubonyeza kitufe cha kutuma.

Anwani ya jumla ya shule haisomwi na mkuu wa shule. Anayeifungua ni katibu muhtasi, asubuhi, katikati ya simu za wazazi wanaouliza ada na maombi ya nafasi. Barua inayoonekana ya maana anaichapa kwenye karatasi na kuiweka kwenye faili la mkuu. Hapo tayari umepoteza viambatisho vyote. Sura tatu za riwaya hazichapwi na mtu anayebana wino. Kilichofika mezani ni aya yako moja, bila jalada wala wasifu. Mkuu akaisoma akiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa kazi yake kwenye kila karatasi ni kuandika pembeni nani aishughulikie. Kwenye ya kwako hakuona pa kuandika. Siku hujasema, darasa hujasema, bei hujasema, na somo inalohusu hujalitaja. Akamwambia katibu ajibu kwa heshima. "Tutawasiliana" maana yake ndiyo hiyo, hakuna aliyekukataa.

Kwa hiyo iandike barua kama itakayosomwa kwenye karatasi moja na watu wanne tofauti: mkuu, mwalimu wa taaluma, mkuu wa idara ya Kiswahili na mhasibu. Kila mmoja ana swali moja tu, na asipolipata jibu humo karatasi inalala kwenye meza yake. Mkuu anauliza, huyu ni nani na ataleta aibu? Taaluma anauliza, atakula vipindi vya nani? Idara inauliza, ana nini ambacho sisi hatuna? Mhasibu anauliza, nalipa nini, kiasi gani, kwa hati gani?

Swali la taaluma ndilo linaloua barua nyingi. Ukisema "wanafunzi wote," umemwomba asimamishe shule nzima. Kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba, na kabla yake kuna mock. Kidato cha pili wana upimaji wao mwishoni mwa mwaka. Kama shule ina kidato cha sita, nao wanafanya mtihani Mei. Waliobaki na nafasi ya kupumua ni kidato cha kwanza na cha tatu. Mimi ningechukua cha tatu. Wameshaanza kuchambua riwaya na tamthilia zilizoteuliwa, wanajua mhusika na mandhari ni nini, na hawana mtihani wa taifa mwaka huo. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo omba vipindi viwili vilivyofuatana vya Kiswahili, dakika 80, kwa mkondo mmoja au miwili iliyounganishwa. Hapo hujala kipindi cha mwalimu wa Hisabati, na ratiba haiguswi.

"Siku yoyote mtakayonipangia" inasikika kama unyenyekevu, lakini inampa taaluma kazi ya kutafuta siku. Mpe tarehe mbili, zote katikati ya muhula. Februari hadi katikati ya Machi ni pazuri, na wiki za mwisho za Julai pia ikiwa kidato cha tatu hawana mtihani wa ndani. Wiki mbili za mwisho za muhula usiziguse. Na tuma barua angalau wiki sita kabla, kwa kuwa karatasi itatembea kwenye meza nne.

Sasa idara ya Kiswahili. Sentensi yako kuhusu vijana na simu iondoe kabisa. Walimu wameisikia hadi imewachosha, na wewe unaonekana kama mhubiri mwingine wa Ijumaa mchana. Kuhamasisha hakuna mwalimu anayejua kukuwekea kipindi. Utungaji na uhakiki anajua. Jiulize una kitu gani ambacho mwalimu wa fasihi hawezi kukileta darasani hata akiwa hodari. Mwalimu ana kitabu kilichokwisha. Wewe una rasimu. Una ukurasa wa kwanza ulioukatakata kwa kalamu, una mhusika uliyemfuta, una mwisho ulioubadilisha. Chapa ukurasa wa rasimu upande mmoja wa karatasi, na ukurasa huohuo ulivyotoka kitabuni upande wa pili. Wape wanafunzi wawili wawili, waseme nini kimeondoka na kwa nini. Kisha waandike aya yao, waibadilishane, na kila mmoja afute sentensi moja ya mwenzake na aeleze sababu. Hilo ni somo la fani na maudhui kwa vitendo, na mkuu wa idara akilisoma anaweza kumwambia mkuu wa shule, "Huyu mama aje."

Kuna jambo moja la kuchunga hapo. Usiandike kwamba riwaya yako "inafaa kwa mtaala." Vitabu vya kufundishia hupitia tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kupata ithibati ya Kamishna wa Elimu. Kama cha kwako hakijapita huko, kiite kitabu cha kujisomea, na hakuna atakayekulaumu. Taja namba ya ISBN uliyopewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, kama unayo, kwa sababu humwonyesha mkuu kwamba kitabu kimesajiliwa. Na badala ya kuambatanisha sura tatu, ahidi nakala moja ya kitabu kwa idara na ipeleke kweli. Mwalimu atatafuta kurasa za mapenzi kabla ya kitu kingine chochote, hasa kwenye shule za madhehebu, na ukanda wenu wa Kilimanjaro na Arusha umejaa hizo. Afadhali azione mapema kuliko mzazi akazione likizo.

Tufike kwenye fedha. Si aibu kutaja bei. Usipoitaja ndipo unapompa mkuu shida, kwa kuwa "kunishika mkono" hakuna kifungu kinachoitwa hivyo kwenye daftari la mhasibu. Anayekuja bila bei humaliza kwa bahasha ya elfu ishirini mlangoni, kutoka fedha ndogondogo za ofisi, na wote wawili wanabaki na kinyongo.

Tuseme umepanga 150,000 kwa ziara moja. Weka humo kila kitu: nauli, kuchapa rasimu za wanafunzi, chakula chako, na siku yako ya kazi. Ukiandika posho kivyake, nauli kivyake na chakula kivyake, umemtengenezea mhasibu hati tatu, na kila hati ni nafasi ya mtu kuuliza swali. Bahati yako, Usa River ipo njiani kabla ya kufika Arusha mjini, unashuka kwenye Coaster moja kwa moja. Shule ya Njiro au Sakina ingekuongezea gari la pili, na bei yako ilitakiwa kulijua hilo kabla ya kuitaja.

Shule binafsi inayolipia huduma ya mtu mkazi hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Kwenye 150,000 inakatwa 7,500, unapokea 142,500. Waandishi wengi hugombana na mhasibu hapo wakidhani wameibiwa. Usigombane, mwombe hati ya kodi ya zuio, kwa kuwa ndiyo inayokuonyesha umeshalipa kiasi hicho unapofanya hesabu zako na TRA. Ila ujue TIN yako lazima iwepo kwenye ankara. Kama huna TIN, itafute kabla ya kutuma barua hata moja.

Na vitabu? Mpango wako wa kuja na boksi ndio uliomtisha mkuu kuliko chochote. Mwanafunzi wa bweni hatembei na fedha, za matumizi zimetunzwa na mlezi au ofisi ya mhasibu. Mwenye nazo atanunua, asiye nazo atakaa anatazama, na jioni mzazi atapiga simu kuuliza mtoto ametumia nini. Uza kwa maktaba. Tuseme bei ya kitabu ni 10,000, wape nakala kumi kwa 8,000 kila moja, jumla 80,000. Mwanafunzi atakayekipenda atamwambia mzazi likizo, na namba yako ipo nyuma ya kitabu.

Ankara iwe na mistari miwili, ziara 150,000 na vitabu 80,000, jumla 230,000. Ukiandika mstari mmoja tu, "ziara ya mwandishi 230,000," mhasibu ataona yote ni huduma na kukata 11,500 badala ya 7,500. Elfu nne si nyingi, lakini ni nusu ya bei unayoiuzia maktaba kitabu kimoja.

Barua yenyewe ningeiandika hivi. Kwenye nafasi ya mada weka: *Ombi la kuendesha somo la utungaji, Kidato cha Tatu, 18 au 25 Februari.* Badilisha tarehe tu. Kisha:

*Mkuu wa Shule,*

*YAH: OMBI LA KUENDESHA SOMO LA UTUNGAJI KWA KIDATO CHA TATU*

*Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.*

*Mimi ni mwandishi wa riwaya ya vijana ya kurasa 140, iliyochapishwa mwaka jana, ISBN (namba). Naishi Moshi.*

*Naomba kuendesha somo moja la dakika 80, katika vipindi viwili vya Kiswahili vilivyofuatana, kwa wanafunzi wasiozidi 80. Wanafunzi watalinganisha ukurasa wa rasimu yangu na ukurasa uliochapishwa, watajadili mabadiliko ya fani na maudhui, kisha watatunga na kuhariri aya zao. Mwalimu wa somo atakuwepo darasani muda wote. Nitakuja na karatasi zote zinazohitajika.*

*Napendekeza Jumatano tarehe 18 au 25 Februari.*

*Gharama ya somo ni shilingi 150,000, ikijumuisha nauli na vifaa, kabla ya kodi ya zuio. Hakuna malipo mengine. Malipo yafanyike benki kwa ankara, ndani ya siku 14 baada ya somo. Maktaba ikipenda, inaweza kununua nakala kumi kwa shilingi 8,000 kila moja. Sitauza vitabu kwa wanafunzi.*

*Nakala moja ya kitabu nitaileta mapokezi wiki hii kwa ajili ya Mkuu wa Idara ya Kiswahili. Nitapiga simu ofisini Jumanne ijayo saa nne asubuhi.*

*Jina, simu, TIN.*

Inaenea kwenye karatasi moja. Kila mmoja wa wale wanne anaona mstari wake. Ile sentensi ya mwalimu kuwepo darasani usiiache, maana hakuna mkuu anayependa mgeni abaki peke yake na watoto wa watu, na ukiisema wewe mwenyewe umemwondolea kazi ya kukuambia. "Sitauza vitabu kwa wanafunzi" nayo inafanya kazi kubwa kuliko wasifu wa kurasa tatu. Idadi ya 80 ni kikomo chako, usiiachie. Ukifika ukakuta ukumbi una watu mia nne, zoezi la rasimu limekufa, unabaki na hotuba.

Ukitaka kuongeza kiambatisho, weka kimoja tu, PDF ya ukurasa mmoja ya zoezi lenyewe. Atakayeifungua ni mwalimu wa Kiswahili, na huyo ndiye unayemtaka aifungue.

Shule za serikali ni njia nyingine kabisa, na sikushauri uanzie huko ukitafuta malipo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mkuu wa shule ya serikali hawezi kuwatangazia wanafunzi mchango wa kumlipa mgeni bila kibali cha walio juu yake, na ruzuku anayopokea ina matumizi yaliyopangwa. Anaweza kukupenda na bado asiwe na pa kukulipia. Ukitaka kwenda, peleka barua ya karatasi kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikimlenga Afisa Elimu Sekondari, upate kibali cha kuingia shuleni kwanza. Na angalia halmashauri ipi. Shule ya mjini kwenu ipo chini ya Manispaa ya Moshi, lakini Kibosho na Marangu ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, Machame ni Hai, Usa River ni Meru, wala si Jiji la Arusha. Barua iliyopelekwa ofisi isiyo yake inaweza kukaa mwezi mzima bila mtu kukuambia.

Kuhusu kwenda bure kwenye shule binafsi ili "wakuzoee," mimi siungi mkono. Shule iliyokupata bure mwaka huu haitakuona wa 150,000 mwakani. Kama huna pa kuanzia, fanya somo moja bure katika shule ya serikali iliyo jirani na kwako, ukiwa na kibali, na uombe kitu kimoja tu: barua ya mkuu wa shule yenye muhuri inayosema ulifanya nini, na kidato gani, tarehe gani. Barua hiyo ndiyo itakayoambatana na ombi lako linalofuata. Wakuu wa shule wanaaminiana kuliko wanavyotuamini sisi wa nje, na atakayeipokea atampigia mwenzake simu kabla ya kukujibu wewe.

Kwa ile shule ya Usa River, hujachelewa. Usijibu kwenye barua ileile, maana itachapwa pamoja na ya zamani chini yake. Andika mpya. Ukipiga simu Jumanne, usimwulize katibu "mmeipata barua yangu?" kwa sababu atasema ndiyo na simu itaishia hapo. Muulize barua ipo kwa nani sasa. Akisema kwa mkuu, subiri wiki moja. Akisema kwa taaluma, omba uzungumze na taaluma, na umuulize kuhusu tarehe, si kuhusu uamuzi. Akisema kwa mhasibu, andaa ankara siku hiyohiyo.